Paji la Uso la Kukhu Halikuwa na Matuta

Kuna kitu naona kwa mabango ya mazishi hapa kwetu, kutoka Malaba mpaka Busia, na nimeamua leo nikiseme. Sura za wazee wetu zinatoka na mistari. Sio makunyanzi, hayo ni ya umri na yana heshima yake. Naongea kuhusu mistari mipana inayozunguka paji la uso na mashavu kama matuta ya shamba la mlimani. Unajua vile tulifundishwa shule ya msingi, mteremko ukikatwa matuta unakuwa ngazi, na maji hayabebi udongo? Kwa shamba ni sawa. Kwa uso wa mtu si sawa. Ngozi ya binadamu ni mteremko laini, mwanga unashuka polepole kutoka katikati ya paji hadi kando ya sikio. Ukiona ngazi, jua kuna mtu amezikata, na hakuzikata na jembe. Alizikata akitengeneza faili.

Mimi natengeneza picha na video hapa Malaba. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kazi inayonilipia kodi si video zangu, ni kupaka rangi picha za zamani. Watu huleta picha ya stidio ya miaka ya sabini, nyeusi na nyeupe, mara nyingi ndiyo picha pekee ya huyo mtu akiwa kijana. Wanataka iwe na rangi, iende kwa bango, kwa kijitabu cha mazishi na kwa status za WhatsApp. Kupaka rangi kila mtu anaongelea. Kutoa faili la mwisho hakuna anayeongelea, na hapo ndipo matuta huzaliwa ama hufichuka.

Nitatumia kazi moja kueleza. Mwaka jana anti mmoja wa Busia alinipigia simu siku ya Jumatano, mazishi yakiwa Jumamosi. Kukhu wao alikuwa amelala. Picha ilikuwa imeshapakwa rangi na kijana mwingine, na bango la majaribio lilikuwa limechapwa, futi tatu kwa upana. Aliniambia, "Kijana wangu, hii picha imefanya mama yangu akae kama ana alama za ugonjwa kwa uso. Watu watauliza alikufa na nini."

Hapo nikaelewa uzito wa hii kitu. Kijijini watu huliangalia bango kwa masaa mengi, wakingoja mwili ufike na wakisikiliza hotuba. Hakuna atakayesema "hii ni shida ya biti". Watasema kukhu alikuwa mgonjwa wa ngozi.

Nikamwomba vitu viwili: faili lenye rangi, na ile picha yenyewe ya karatasi. Faili alinitumia kwa simu. Picha ya karatasi ilikuja na dereva wa matatu ndani ya bahasha ya kaki, imefungwa kati ya vipande viwili vya katoni.

Kitu cha kwanza ni kujua kama matuta yako kwa faili ama yako kwa skrini yako. Hii ni muhimu, kwa sababu laptopu nyingi za bei ya chini zina skrini ambayo haiwezi kuonyesha viwango vyote vya rangi, na zenyewe hukata mteremko ngazi. Fungua picha kwa zumu ya 100%, kisha iangalie kwa simu nzuri. Kama mstari umebaki palepale juu ya nyusi ya kushoto kwa vifaa vyote viwili, uko ndani ya faili. Kama umehama ama umepotea, lawama ni ya skrini. Halafu angalia umbo. Tuta hufuata umbo la uso, linapinda pamoja na paji kama mstari wa mwinuko kwa ramani. Ukiona miraba midogo kama vigae vya sakafu, hiyo ni shida nyingine, ni ya kubanwa kwa JPEG, na nitaifikia. La kukhu lilikuwa na zote mbili, lakini matuta ndiyo yalikuwa yanapiga kelele.

Sasa, matuta yanatoka wapi? Picha ya kawaida ina biti 8 kwa kila chaneli. Maana yake nyekundu ina viwango 256 tu kutoka giza kabisa hadi mwanga kabisa, kijani vilevile, na buluu vilevile. Ukisikia 256 unafikiria ni vingi. Sasa hesabu na mimi. Kwenye picha ya kukhu, paji lake lilianza na kiwango kama 70 upande wa kivuli na kufika 110 upande wa mwanga. Hapo umetumia viwango 40 pekee. Na huo mteremko ulikuwa na upana wa pikseli kama 480. Gawanya 480 kwa 40: kila kiwango kinakalia pikseli 12 kabla ya kingine kuanza. Hiyo tayari ni ngazi, ila hatua yake ni fupi sana, kiwango kimoja tu, na jicho linaweza kuisamehe.

Kisha mtu anaamua sura ni nyeusi sana, anainyoosha ing'ae, iwe kutoka 70 hadi 150. Upana umekuwa viwango 80, lakini faili halina viwango vipya vya kujaza hapo katikati. Vilikuwa 40, vinabaki 40. Kinachotokea ni kwamba vinaruka mbili mbili: 70, 72, 74. Hatua imekuwa ndefu mara mbili na pikseli 12 zimebaki 12. Chapa hiyo kwa bango la futi tatu, picha ikiwa na upana wa pikseli 2,100 hivi, na hizo pikseli 12 zinakuwa mstari wa karibu nusu sentimita. Huo hata nyanya aliyeketi hema la nyuma anauona.

Lakini kuna kitu wengi hawajui. Kunyoosha peke yake hakutoshi kuharibu picha ya zamani. Picha ya karatasi ina chembechembe, ile punje punje ya filamu. Zile chembe huchanganya viwango: badala ya mstari mkali kati ya 70 na 71, unapata mchanganyiko wa 69, 70, 71 na 72 umetawanyika. Jicho likiangalia kwa mbali linaona mteremko. Kwa hivyo chembe zinakulinda. Shida ni kwamba kijana wa kwanza alianza kwa kulainisha ngozi. Alipaka ukungu juu ya paji mpaka likawa kama plastiki, na akafanya hivyo kwa biti 8, ambapo kila jibu lazima liwe namba kamili. 70.4 ikawa 70, 70.6 ikawa 71, na mpaka kati yao ukawa msafi kama umekatwa na rula. Halafu ndiyo akanyoosha. Ulinzi umetoka, ngazi zimerefuka.

Na ukiongeza rangi inakuwa mbaya zaidi. Kwa ngozi yetu ya kahawia, nyekundu hupanda haraka na buluu hupanda polepole. Tuseme kutoka kivuli hadi mwanga nyekundu inatoka 80 hadi 150, na buluu inatoka 35 hadi 75. Moja ina hatua 70, nyingine 40, kwa nafasi ileile. Hatua hazianguki mahali pamoja. Kwa hivyo unapata kamstari kamezidi wekundu, kanafuatwa na kengine kenye ukijani. Hiyo ndiyo ilimfanya anti aseme ugonjwa. Picha nyeusi na nyeupe yenye matuta inakaa tu kama fotokopi mbaya. Picha ya rangi yenye matuta inakaa kama michubuko.

Basi nikaanza upya kutoka kwa karatasi. Nikaiskani kwa 600 kwa inchi, nikiomba biti 16 na faili la TIFF. Picha ilikuwa ya ukubwa wa postikadi, kwa hivyo nilipata pikseli kama 2,100 kwa 3,300. Mashine nyingi za saiba ziko tayari kukupa JPEG ya biti 8 pekee, na kama ndiyo unayo, usilie. Kitu cha maana ni kupanda biti 16 kabla hujagusa chochote. Kwa GIMP, ambayo ni ya bure na imekuwa na uwezo huu tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, unaenda `Image > Precision > 16 bit integer`. Kupanda huko hakuongezi kitu papo hapo, viwango vilivyokuwa 40 bado ni 40. Faida inakuja ukianza kazi: ukilainisha kidogo, ile 70.4 sasa ina mahali pa kukaa, haisukumwi kuwa 70. Ukinyoosha, katikati panajaa. Lakini ukifanya kazi yote kwa biti 8 kisha ubadilishe kuwa 16 mwishoni, umehamisha ngazi kwa nyumba kubwa. Bado ni ngazi.

Nikapaka rangi, nikanyoosha mwanga kidogo tu. Na hapa niseme maoni yangu bila kuficha: hatuna sababu ya kumng'arisha marehemu. Kukhu alikuwa mweusi wa kupendeza. Ukimwacha na weusi wake, unahitaji kunyoosha kidogo, na ukinyoosha kidogo matuta yanakosa nafasi. Watu wengi wanaoniletea sura zilizochanika ni wale walioambiwa "mfanye awe mwangavu". Nilimwambia anti hivyo, naye akajibu, "Mwache vile Mungu alimuumba." Kazi ikawa rahisi.

Tukija kwa nafasi ya rangi, hapa ndipo watu hupenda kujionyesha. Kuna sRGB, kuna Adobe RGB ambayo ni pana zaidi, na kuna ProPhoto RGB ambayo ni pana mpaka ina rangi ambazo jicho la binadamu haliwezi kuona. Mtu anasikia "pana" anafikiria "bora". Fikiria viwango 256 kama nguzo za ua. Ukizungusha kaploti kadogo, nguzo zinakaribiana. Ukizungusha shamba lote na nguzo zilezile 256, mapengo yanakuwa makubwa. Kwa hivyo ProPhoto ndani ya biti 8 ni njia ya mkato ya kutengeneza matuta. Kwa biti 16 haina shida, lakini ngozi ya mtu, iwe ya Mteso, ya Mluhya ama ya Mzungu, inaenea vizuri ndani ya sRGB. Mimi hufanya sura zote ndani ya sRGB kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kama faili lako liko kwa nafasi nyingine, libadilishe likiwa bado na biti 16, na utumie `Convert to Color Profile`, usitumie `Assign Color Profile`. Ya kwanza inabadilisha namba ili sura ibaki vile unaiona. Ya pili inaacha namba vile zilikuwa na kubadilisha maana yake, na sura inabadilika rangi mbele ya macho yako. Ukipeleka picha ya Adobe RGB kwa mahali pasiposoma wasifu wa rangi, sura inapauka kama imeoshwa na Omo. Ukitoa sRGB na wasifu wake ndani, simu na mashine nyingi za kuchapa zitaisoma vizuri.

Sasa hatua za mwisho, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza niliweka ukubwa wa mwisho. Nilitengeneza nakala mbili: moja ya bango kwa ukubwa kamili, nyingine ya simu, pikseli 1,080 kwa upana. Ukipunguza ukubwa baada ya kuweka chembe, chembe zinasagika na ulinzi unaisha. Kwa hivyo ukubwa kwanza.

Pili, chembe. Kwa ngozi iliyolainishwa unarudisha punje kidogo. Kwa GIMP iko kwa `Filters > Noise > RGB Noise`, na unaondoa alama kwa `Independent RGB` ili chembe zisiwe za rangi rangi. Anza na kitu kama 0.02 kisha panda polepole. Kipimo changu ni hiki: kwa zumu ya 100% uzione ukizitafuta, ukikaa kawaida usizione. Anti hakuziona. Aliona tu kwamba ngozi imekuwa ya mtu.

Tatu, kushuka kutoka biti 16 hadi 8, kwa sababu JPEG ya kawaida haibebi zaidi ya 8. Ukichagua `Image > Precision > 8 bit integer`, GIMP inakufungulia kidirisha chenye sehemu ya `Dithering`. Usiiache kwa `None`. Kazi yake ni kutawanya makosa ya kukadiria: badala ya pikseli zote za 70.4 kuwa 70, baadhi zinakuwa 71, na wastani unabaki vile ulikuwa. Ni ujanja uleule wa chembe, ila ni mdogo zaidi. Kabla ya kushuka, hifadhi faili la biti 16 kando. Hilo ndilo shamba lako, JPEG ni mavuno tu.

Nne, kubana. JPEG hukata picha kwa miraba ya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila mraba hutupa tofauti ndogo ambazo inadhani hutazikosa. Kwa picha ya soko la Busia siku ya mzigo, kweli hutazikosa, kuna vitu vingi mno. Lakini kwa paji la uso laini, tofauti ndogo ndiyo kila kitu. Ukiweka ubora wa 60, chembe ulizoweka na ule mtawanyo vinatupwa kwanza, na mraba mzima unabaki na rangi moja. Ndiyo maana unaona vigae. Mimi huweka 92 kwa simu na 95 au zaidi kwa bango. Halafu kuna `Subsampling`: weka 4:4:4. Ile ya 4:2:0 inahifadhi rangi moja kwa kila pikseli nne, na mahali ambapo midomo inakutana na ngozi, ama kitambaa chekundu kinagusa shavu, rangi inamwagika. Washa `Save color profile`, kisha ekspoti.

Mbona nisitumie PNG, ambayo haitupi kitu? Kwa mtu wa bango unaweza, kama mashine yake inaifungua. Lakini PNG yenye matuta itahifadhi matuta yote kwa uaminifu mkubwa. Kutobana hakutibu kitu kilichokatwa kabla. Na ukiipandisha mtandaoni, mara nyingi itageuzwa kuwa JPEG na wenyewe, kwa ubora wanaoutaka wao.

Hiyo inatuleta kwa WhatsApp. Ukituma picha kama picha, inabanwa upya, hata ukichagua HD. Kwa kuangalia kwa simu ni sawa. Kwa kuchapa si sawa. Nilituma la bango kama `Document`, ambayo inalifikisha faili vile lilivyo, na nikampigia kijana wa kuchapa nikamwambia asiliforwadi kwa gruppu la familia kisha achukue kutoka huko. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia alinganishe ukubwa wa faili: langu lilikuwa na megabaiti kadhaa, na likifika likiwa na kilobaiti mia mbili, ajue kuna mtu kati yetu amelibana. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na hakihitaji jicho la msanii.

Ile nakala ya status ilihitaji chembe kidogo zaidi. Mtawanyo wa kiwango kimoja hauponi kwa kubanwa mara ya pili, unatupwa wote. Chembe zenye nguvu kidogo hubaki. Kwa hivyo usitumie faili moja kwa kila kitu.

Na kuna mipaka, niseme ukweli. Kama familia haina karatasi, ina picha tu iliyoforwadiwa mara kumi, hakuna mpangilio wa kuekspoti utakaorudisha kilichotupwa. Unaweza kupanda biti 16, ulainishe kidogo mahali pa matuta pekee, kisha uweke chembe juu. Ngazi zitajificha. Ngozi halisi haitarudi. Hapo kazi yako ya kwanza ni kuuliza, kabla ya kufungua laptopu: "Hakuna nakala ya karatasi kwa nyumba ya mtu yeyote? Hata kwa albamu ya shangazi kule ng'ambo, Tororo?" Picha nyingi za huku zimevuka mpaka pamoja na mabinti walioolewa. Nimepata tatu hivyo.

Ukipokea kazi ya sura wiki hii, jaribu kitu kimoja kabla ya kuituma. Fungua JPEG yako ya mwisho, nyoosha `Curves` kwa nguvu mpaka picha ichukize, uangalie paji na mashavu, kisha funga bila kuhifadhi. Kama mteremko umechafuka tu na punje, tuma. Kama matuta yameamka, rudi kwa faili la biti 16. Ni dakika mbili, na zitakuokoa na simu ya mtu anayelia akiuliza umemfanya nini mamake.